Mwongozo wa kusahihisha kutoka picha ya karatasi tupu: nianzie wapi?

*"Mwalimu, nimetumiwa picha za simu za karatasi tupu ya mtihani wa hisabati, kurasa sita. Aliyeutunga amehama na hakuacha majibu. Skripti zinafika kesho kutwa na tutasahihisha watu watatu. Nitengenezeje majibu na mgawanyo wa alama kabla hatujagusa skripti hata moja? Mwenzangu anasema tusijisumbue, tuchukue skripti ya mwanafunzi bora tuifanye ndiyo mwongozo."*

Mwalimu, nianze na huyo mwenzako, maana ushauri wake unavutia na ndio unaoharibu kazi. Skripti ya mwanafunzi bora inakuonyesha njia moja tu ya kufika kwenye jibu. Ukiisoma kwanza, njia hiyo inageuka kuwa ndiyo "sahihi" machoni pako, na aliyepita njia nyingine halali anaonekana kama aliyezunguka. Tena mwanafunzi bora naye hukosea, na kosa lake likiingia kwenye mwongozo halionekani tena kwa sababu hakuna kitu cha kulipima nacho. Mwongozo unatoka kwenye karatasi ya maswali. Skripti zitakuja baadaye kuujaribu.

Kazi yenyewe ina hatua tatu ambazo watu wengi huzichanganya: kunakili karatasi, kukokotoa majibu, na kugawa alama. Zifanye moja baada ya nyingine. Ukianza kukokotoa ukiwa bado unasoma picha, ubongo utaanza kukusomea kile unachotarajia badala ya kile kilichochapwa.

Kwanza picha zenyewe. Omba zitumwe kama dokumenti, si kama picha za kawaida, kwa sababu programu za ujumbe hubana picha, na vinavyopotea kwanza ni vile vidogo: nukta ya desimali, alama ya kutoa, kipeo juu ya herufi. Kila ukurasa uwe na picha yake, pembe zake nne zote zionekane, na upande wa nyuma upigwe hata kama mpigaji anadai ni mtupu. Kama mwenzako ametumia programu ya kuskani inayogeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe mtupu, mwombe na picha ya rangi isiyochujwa. Kichujio hicho husafisha kivuli vizuri, lakini hakiwezi kutofautisha doa la uchafu na nukta ya desimali, na mara nyingi huondoa vyote viwili.

Kisha nakili karatasi nzima kwa mkono au kwa kompyuta, neno kwa neno, pamoja na maelekezo ya ukurasa wa kwanza. Humo ndimo unapokuta "tumia π = 22/7" au "onyesha kazi yako yote", na maelekezo hayo yanabadilisha alama za maswali yaliyo kurasa nne mbele. Pale ambapo huna uhakika na herufi au tarakimu, weka alama ya kuuliza pembeni. Usikisie, hata kama kisio linaonekana wazi.

Ukimaliza kunakili, jumlisha alama zilizoandikwa kwenye mabano mwishoni mwa kila kipengele na ulinganishe na jumla iliyo kwenye ukurasa wa kwanza. Huo ndio ukaguzi wa bei rahisi kuliko wote. Kama karatasi inasema 100 na wewe umepata 94, kuna kipengele hukukiona au mabano yaliyokatwa na ukingo wa picha. Mabano yakikatwa sehemu moja tu, tofauti inakupa jibu: kipengele hicho kina alama 6. Yakikatwa sehemu mbili, unajua jumla yake ni 6 lakini hujui kama ni 2 na 4 au 3 na 3, na hapo hakuna ujanja wa hesabu utakaokusaidia. Omba picha nyingine.

Sasa nichukue swali moja nilipitishe mwanzo hadi mwisho, maana ndani yake mna karibu kila kitu kinachosumbua.

*Tangi la umbo la silinda lina kipenyo cha m 1.4 na kimo cha m 2. (a) Tafuta ujazo wake kwa mita za ujazo. (alama 3) (b) Tangi likiwa tupu, linajazwa na bomba linalotoa lita 35 kwa dakika. Litajaa baada ya muda gani? Toa jibu kwa saa na dakika. (alama 4)*

Nusu kipenyo ni 0.7. Ujazo ni 22/7 × 0.49 × 2, yaani mita za ujazo 3.08. Hizo ni lita 3,080. Gawa kwa 35 unapata dakika 88, ambazo ni saa 1 na dakika 28. Safi kabisa.

Tuseme picha ilikuwa na ukungu ukasoma 35 kama 85. Ungepata dakika 36.2 na ushei, na ungeshtuka, kwa sababu mtunzi aliyekupa 22/7 na kipenyo cha 1.4 alikuwa anakutafutia namba zinazokatika. Hapo jibu baya limekuonya. Walimu wengi hutegemea ishara hii, nami pia naitumia, lakini ina mpaka wake. Tuseme kilichopotea ni nukta, ukasoma kipenyo kuwa m 14. Nusu kipenyo inakuwa 7, ujazo 22/7 × 49 × 2 = 308, lita 308,000, dakika 8,800, saa 146 na dakika 40. Kila hatua imekatika vizuri, hakuna desimali hata moja, na bado jibu ni la uongo. Kitakachokuokoa hapa ni kuuliza kama jibu lina akili: tangi lenye upana wa mita 14 na kimo cha mita 2 ni bwawa, na bomba linalohitaji siku sita kulijaza si swali ambalo mtu angeomba jibu lake "kwa saa na dakika". Kwa hiyo kila jibu lipime mara mbili. Je, namba inakatika? Je, kitu chenyewe kinawezekana? Likifeli mojawapo, rudi kwenye picha, kuza sehemu ile, uangalie upya kabla hujashuku hesabu yako.

Kuna jambo jingine hapo hapo ambalo nalishikilia sana. Ukirudi kwenye picha ukakuta kweli imechapwa "m 14", mwongozo wako unafuata 14. Watahiniwa walikaa mbele ya karatasi iliyoandikwa 14, na aliyejibu saa 146 na dakika 40 amejibu swali aliloulizwa. Usimrekebishie mtunzi kimyakimya. Andika pembeni kwamba namba inaonekana kuwa kosa la uchapaji, kisha umuulize aliyesimamia chumba: je, kuna marekebisho yaliyotangazwa au kuandikwa ubaoni siku ya mtihani? Picha ya karatasi tupu haiwezi kukuambia hilo. Na kama yalitangazwa, yalitangazwa vyumba vyote au kimoja? Ikiwa ni kimoja, mwongozo wako utahitaji majibu mawili kwa swali hilo, kila moja likiwa kamili na alama zake, na msahihishaji aambiwe skripti za chumba kipi zinatumia jibu lipi.

Majibu yakishapatikana, kabla ya kugawa alama, mpe mmoja wa wenzako wawili karatasi aikokotoe naye peke yake. Sharti ni moja: akokotoe kutoka kwenye picha, si kutoka kwenye nakala uliyoandika wewe. Ukimpa nakala yako, atarithi kila tarakimu uliyoisoma vibaya, mtapata jibu moja, na mtapeana mikono kwa furaha juu ya kosa lile lile. Mkitofautiana, msibishane nani ana akili zaidi. Tazameni kwanza kama mlikuwa mnasoma namba moja.

Tukija kwenye kugawa alama, kwa hisabati napendelea zile herufi tatu zilizozoeleka. M ni alama ya njia: mtahiniwa ameonyesha hatua sahihi hata kama hesabu imemteleza. A ni alama ya usahihi wa jibu, nayo haitolewi kama M yake haijapatikana. B inasimama peke yake, haitegemei nyingine. Kwa swali la tangi mimi ningeandika hivi:

(a) B1: nusu kipenyo 0.7 (au sm 70) imeonekana.
M1: ameweka namba zake kwenye πr²h, kwa nusu kipenyo aliyonayo.
A1: 3.08, kwa mita za ujazo.

(b) B1: ujazo wake umegeuzwa kuwa lita kwa usahihi, au lita 3,080 zimeonekana.
M1: lita zake ÷ 35.
A1: dakika 88, au jibu sahihi linalotokana na ujazo wake.
B1: dakika zake zimegeuzwa kuwa saa na dakika kwa usahihi.

Hesabu: tatu na nne, sawasawa na mabano ya karatasi. Ukijikuta na pointi tano kwenye kipengele cha alama nne, umegundua hatua ambayo mtunzi hakuilipia. Iunganishe na jirani yake, usiibe alama kwenye kipengele kingine.

Sasa tazama maneno "zake" na "wake" yanavyofanya kazi. Mtahiniwa anayetumia kipenyo badala ya nusu kipenyo atapata 22/7 × 1.96 × 2, yaani 12.32. Kwenye (a) anakosa B1, anapata M1, anakosa A1. Akiendelea na (b): lita 12,320, dakika 352, saa 5 na dakika 52. Kila alichofanya kwenye (b) ni sahihi kwa ujazo alionao. Mwongozo ukisema tu "dakika 88 – alama 1, saa 1 dakika 28 – alama 1", msahihishaji mmoja atamnyima zote mbili, mwingine atamhurumia, na wa tatu atampa nusu. Ukisema "dakika zake", anapata zote nne za (b), jumla 5 kati ya 7, na kosa moja linaadhibiwa mara moja tu. Hii ndiyo tunaita kosa la kubebwa, na lazima uamue kipengele kwa kipengele kama linaruhusiwa. Mimi silikubali pale ambapo kosa limelifanya swali kuwa rahisi zaidi ya lilivyokuwa: mtu aliyekosea mlinganyo wenye x² akabaki na mlinganyo wa x peke yake hawezi kudai alama za kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili.

Makosa mengine unayaweza kuyaona kabla hujafungua skripti, ukikaa ukajiuliza mtoto wa kawaida angeteleza wapi. Kwenye hili tangi naona matatu. La kwanza, 88 ÷ 60 kwenye kikokotoo ni 1.4666…, na wapo watakaoandika "saa 1 na dakika 47". Hilo linakosa B1 ya mwisho peke yake; dakika 88 zao zimeshalipwa. La pili, atatokea aliyetumia 3.14 badala ya 22/7. Atapata 3.0772, na akifika mwisho atapata dakika 87.92, ambazo akizikadiria ni 88. Kama karatasi iliagiza 22/7, nakata A1 ya (a), na (b) siigusi tena. Kama haikuagiza, nakubali 3.08 na chochote kinachokadiriwa hapo. La tatu si kosa lakini linachanganya wasahihishaji: aliyefanya kazi yote kwa sentimita. Nusu kipenyo 70, kimo 200, ujazo 3,080,000. Ana B1 na M1, lakini swali lilitaka mita za ujazo, kwa hiyo A1 hana mpaka abadilishe. Kwenye (b) atagawa kwa 1,000 wakati wenzake wanazidisha kwa 1,000, na yuko sahihi. Ndiyo maana kwenye B1 nimeandika "umegeuzwa kwa usahihi", sikuandika "amezidisha kwa 1,000".

Utaona kwamba sijaandika jibu tu. Nimeandika pia ninachokikataa na kwa nini. Msahihishaji aliyechoka jioni hahitaji kukumbushwa kwamba 3.08 ni sahihi. Anahitaji kuambiwa afanye nini na 3.0772.

Yapo maswali yanayodai uangalifu wa namna nyingine, na la kwanza ni lile la "onyesha kwamba". Chukua hili:

*Mstatili una upana wa sm x na urefu wa sm (x + 3). Eneo lake ni sm² 28. (a) Onyesha kwamba x² + 3x − 28 = 0. (alama 2) (b) Kwa kutatua mlinganyo huo, tafuta upana wa mstatili. (alama 3)*

Kwanza usomaji: ile alama ya kutoa mbele ya 28 ni kistari chembamba, na picha hafifu hukigeuza kuwa kitu chochote. Ukisoma kujumlisha, b² − 4ac inakuwa 9 − 112, namba hasi, na mlinganyo hauna jibu halisi. Bahati nzuri hapa kosa la kusoma linajitangaza lenyewe.

Kwenye (a) jibu limechapwa tayari. Kwa hiyo hakuna alama yoyote inayoweza kutolewa kwa kuliandika jibu. Mtu anaweza kulinakili kutoka juu ya ukurasa. M1 ni kwa x(x + 3) = 28, na A1 ni kwa kufungua mabano na kuhamisha 28 bila hatua iliyorukwa. Anayeanza na mlinganyo, akaweka 4, akaona inatoa sifuri, hakuonyesha alichoambiwa aonyeshe. Hapati kitu, na mwongozo useme hivyo waziwazi, maana kazi yake huonekana nadhifu.

Kwenye (b), M1 ni kwa (x + 7)(x − 4) = 0 au kwa kuweka namba sahihi kwenye kanuni; A1 ni kwa 4 na −7; B1 ni kwa kusema upana ni sm 4, yaani −7 imekataliwa. Halafu inakuja skripti ambayo nakuhakikishia utaikuta: mabano mawili sahihi, kisha "x = 4", basi. Hakuandika −7 popote. Je, A1 anayo? Mimi nampa, kwa sababu kuchagua 4 peke yake kwenye mabano yale ni kazi ile ile ya kukataa −7, ila kaifanya kichwani. Mwingine atakataa na ana hoja yake. Lililo muhimu ni kwamba ninyi watatu mliamue leo, mliandike, na lisiamuliwe na nani alifika kwenye skripti ile kwanza.

Na yule aliyeandika "4 × 7 = 28, upana ni 4" bila mlinganyo? Soma tena swali: "kwa kutatua mlinganyo huo". Njia imeagizwa, hivyo anapata B1 tu. Kama maneno yangekuwa "tafuta upana wa mstatili" peke yake, ningempa zote tatu. Maneno manne yamebeba alama mbili, na hiyo ndiyo sababu nilikusisitizia kunakili neno kwa neno.

La pili ni maswali ya kupima kwa rula au protrekta. Usipime chochote kwenye picha, wala usiichapishe picha upime. Simu ikiinama kidogo tu, pembe ya mraba haiwi tena nyuzi 90, na mistari ya upande wa mbali inakuwa mifupi. Hapa unahitaji karatasi halisi, na isiwe karatasi yoyote bali moja ya zile zilizotolewa kwa watahiniwa. Mashine za kuchapa na kunakili mara nyingi hupunguza ukurasa ili uenee. Tuseme mchoro umeandikwa kipimio cha 1:50,000 na mtunzi alikusudia umbali wa sm 8, yaani kilomita 4. Ukurasa ukipunguzwa hadi asilimia 94, mtahiniwa anapima karibu sm 7.5 na anapata karibu kilomita 3.75. Maandishi "1:50,000" hayakupungua pamoja na mchoro. Ukiwa na mwongozo unaosema "km 4, kubali ± 0.1", kila aliyepima kwa uangalifu amekosa. Pima wewe mwenyewe kwenye nakala mbili tatu za vyumba tofauti, uweke kiwango cha kukubali kuzunguka kile walichokiona wao.

Maswali ya kuchagua hayana mengi, isipokuwa moja: angalia kama karatasi ina alama ya toleo kwenye kona. Wakati mwingine mtihani huchapwa kwa matoleo mawili yenye mpangilio tofauti wa maswali, na picha zako ni za toleo moja. Swali likikosa jibu sahihi kabisa kati ya machaguo, au likitaja mchoro ambao haupo, usilitafutie jibu la karibu. Ama kila mtahiniwa apewe alama yake, ama swali liondolewe na alama zikokotolewe kwa jumla iliyobaki. Njia hizi mbili hazileti matokeo yale yale. Mtihani wa 100 ukiondolewa alama 3, aliyepata 60 kwenye maswali mengine anakuwa na 60/97, karibu asilimia 61.9, akipewa alama za bure anakuwa na 63. Uamuzi huo si wako peke yako, upeleke kwa anayehusika na mitihani, na ufanywe kabla hamjajua ni nani alipata nini.

Mwongozo ukikamilika, uupe namba ya toleo na tarehe, mpeane nakala tatu zinazofanana. Kabla ya kuandika alama yoyote kwenye skripti, chukueni skripti kama kumi kutoka sehemu tofauti za furushi, msizipange kwa majina ya wanaojulikana kuwa wazuri. Kila mmoja azisahihishe zote kwenye karatasi ya pembeni, bila kuona za wenzake. Halafu mlinganishe kipengele kwa kipengele. Msilinganishe jumla peke yake, kwa sababu wawili wanaweza kutoa 58 kwa skripti moja huku wametofautiana sehemu sita zinazofutana. Pale mnapotofautiana, tatizo karibu kila mara ni sentensi ya mwongozo inayosomeka kwa namna mbili. Itengenezeni sentensi hiyo, mbadilishe namba ya toleo.

Njia halali ambayo hamkuifikiria ikijitokeza katikati ya kazi, iongezeni kwenye mwongozo wa wote watatu siku hiyo hiyo, na mrudie kipengele hicho kwenye skripti zote zilizokwisha kupita. Rudieni kipengele hicho tu, na kwenye kila skripti, si zile mnazozikumbuka.

Mwisho, endeleeni kumtafuta aliyetunga. Mwongozo wake ukifika baada ya wenu, msiutupe wenu wala msiufuate wake kwa sababu tu ni wa mtunzi. Uwekeni kando ya wenu mtazame palipotofautiana. Mkikuta yeye ana dakika 88 na ninyi mna 8,800, mnajua mlisoma nukta vibaya au karatasi ilichapwa vibaya, na nakala halisi ya karatasi itawaambia ni lipi kati ya hayo mawili.